OLED inatunza batri? Juani, hapana

Juma lililopita mdogo wangu alikuja nyumbani, telefone mkononi, hasira usoni. "Yaya, si walisema itafika jioni?" Yeye ni wakala wa kutuma pesa hapa Nyawera. Anakaa chini ya mwavuli tangu saa mbili asubuhi, na saa sita mwavuli huo haumfichi na kitu. Muuzaji alimwapia kwamba kioo cha OLED kinatunza batri, basi akauza telefone yake ya LCD na kuongeza dola. Sasa saa nane mchana imezimika, na umeme wa Bukavu mnaujua.

Muuzaji alisema nusu ya ukweli. Kwenye OLED kila pikseli, ile nukta ndogo ya kioo, inawaka yenyewe: palipo peusi imezimwa, haili kitu, palipo peupe zinawaka nyekundu, kijani na bluu kwa pamoja. LCD ina taa nyuma ya kioo, na ukurasa uwe mweupe au mweusi, taa hiyo inakula karibu kilekile. Haya, tazama kazi ya mdogo wangu: programu nyeupe pe, mwanga umepandishwa hadi mwisho. Ndiyo hali ambayo OLED inakula kuliko zote! Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walipima mwaka 2021: mwanga ukiwa asilimia 100, kutoka ukurasa mweupe kwenda mweusi kunapunguza matumizi kwa wastani wa asilimia 39 hadi 47. Mwanga ukiwa kati ya 30 na 50, ni asilimia 3 hadi 9 tu.

Mtaniambia aweke ukurasa mweusi. Aliweka. Juani kioo cheusi kinakuwa kioo cha kujitazamia: alihesabu nywele zake, salio la mteja hakuliona.

Sawa, nakubali, OLED nzuri inashinda LCD ya bei ndogo kwa kuonekana juani. Lakini ile namba kubwa ya mwanga kwenye boksi mara nyingi imepimwa kwenye kipande kidogo cha kioo, na telefone nyingi haziufikii mpaka uwashe mwanga wa kujirekebisha wenyewe. Yeye alikuwa ameuzima, eti atunze batri. Tena telefone ikipata joto inajipunguzia mwanga bila kukuuliza.

Macho? Usiku anapopiga hesabu mwanga ukiwa chini, kichwa kinamuuma. OLED nyingi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka haraka; baadhi ya LCD pia. Chukua telefone nyingine, weka kamera kwenye kasi ya kupiga picha ya 1/1000 ya sekunde, ielekeze kwenye kioo: ukiona mistari mipana myeusi, ndiyo hiyo.

Tumewasha mwanga wa kujirekebisha, na kioo sasa kinazima baada ya sekunde 15. Inafika saa kumi. Ile ya zamani aliinunua jirani yake wa mwavuli wa pili. Jana jioni ilikuwa bado na nusu ya batri, na mdogo wangu alinitazama mimi, si muuzaji.