Baba hakupewa nafasi ya kujibu

Jumamosi iliyopita, hapa Bukavu, bibi harusi mmoja aliaga wazazi wake macho yakiwa kwenye simu. Protokole alimpa mikro, akamwambia "dakika mbili tu, mupenzi, chakula kinapoa", naye akaanza kusoma. "Baba yangu mpendwa, wewe uliyeamka alfajiri kunitafutia pesa ya masomo..." Vigelegele. Mimi nikatazama meza ya wazazi. Baba mwenyewe aliondoka kwenda kutafuta dhahabu Shabunda huyu mtoto akiwa hajaanza hata shule, na amejitokeza ulipofika wakati wa mahari. Aliyelipa masomo ni mjomba, amekaa meza ya nyuma karibu na spika inayopasua masikio, na hakutajwa hata kwa nusu neno.

Maandishi yale nayajua. Yanazunguka kwenye Wasapu, yana maua pembeni, na nimekwisha kuyasikia katika harusi nyingine, koma kwa koma. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba msichana mwenye haya akisimamishwa mbele ya sale nzima anahitaji kitu cha kushika mkononi. Basi ashike karatasi aliyoandika mwenyewe, yenye jina la mjomba ndani.

Lakini hilo ni dogo. Kilichonikasirisha kilikuja mwishoni. Alisoma: "Nawaahidi sitawatia haya. Nyumba niendayo ndiyo nyumba yangu hadi kaburini." Kisha mikro ikachukuliwa, muziki ukapandishwa, protokole akatangaza keki. Baba, awe wa Shabunda au wa wapi, hakupewa nafasi ya kujibu.

Tangu lini binti anaaga na mzazi hajibu?

Mimi ni shangazi wa watu wengi, nimewatoa nyumbani wasichana wa kutosha, na nilivyowakuta wakubwa wakifanya ni hivi. Maneno ya kuaga yanasemwa nyumbani, kabla ya komini na kabla ya kanisa, katika salo ile ile ambamo binti alikuwa anapigwa kwa kuvunja sahani. Wajumbe wa bwana wamekwisha kufika, wameketi, wamepewa kasiksi au Primus kulingana na uwezo. Wadogo wa bibi harusi wamekwisha kuziba mlango wa chumba na kudai bahasha, na bahasha imeongezwa, na imeongezwa tena, maana watoto wa siku hizi wanajua bei ya dola kuliko wabadilishaji wa pesa. Shangazi anamtoa akimshika mkono, naye binti anapiga magoti mbele ya wazazi. Anashukuru. Anaomba ruhusa ya kwenda. Anaomba baraka. Halafu ananyamaza, naye baba anajibu, kisha mama kama sauti bado ipo. Wajumbe wanasikia yote.

Hilo la wajumbe kusikia ndilo lenye uzito. Watu wanafikiri msichana anaongea na wazazi wake tu. Wazazi wake amekaa nao maisha yake yote, angeweza kuwaambia jikoni. Anasema mbele ya wale wanaomchukua ili jibu la baba lipate mashahidi wa upande wa pili. Baba akisema "huyu ni mtoto wangu leo na kesho", anayepaswa kuelewa si binti. Ni baba mkwe aliyekaa karibu na dirisha na kofia yake magotini.

Nitawapa mfano wa binti ya dada yangu, wa Kadutu, kule juu ambako gari haifiki na bibi harusi anashuka kwa miguu, mashangazi wawili wameinua nguo nyeupe hadi magotini ili isilambe matope. Huyu hakuandika chochote. Alipopiga magoti alimshukuru mama yake kwa sambaza: kwa kila asubuhi aliyoshuka kuzinunua ufukweni na kupanda nazo mlima hadi soko la Kadutu, harufu ikimfuata mpaka kwenye ibada. Watu walicheka, mama akacheka. Halafu akatoa kifuani daftari la likelemba. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akimwandikia mama yake nani amechanga, nani amepokea, nani anazungusha watu. Akamwita mdogo wake anayemfuata, akamkabidhi mbele ya watu, akamwambia: "Ukurasa wa mwisho, mama wa nyumba ya bluu anadaiwa mara mbili, asikudanganye." Mama wa nyumba ya bluu alikuwepo. Tusiendelee.

Kisha akageukia baba. Akasema: "Baba, ninaenda kwa kupenda. Sikusukumwa. Ninakuomba baraka, na ninakuomba kitu kingine. Siku nikigonga hapa usiku, unifungulie kwanza. Kuniuliza, utaniuliza asubuhi."

Nyumba ikawa kimya. Baba mdogo wa bwana akakohoa. Mjomba wetu mmoja, ambaye simtaji kwa sababu bado tunakula naye Noeli, akasema kwa sauti ya kusikika: "Mtoto anaondoka anafikiria kurudi? Huo ni mkosi." Shemeji yangu alikaa kidogo, akasafisha miwani kwa ncha ya tai, akajibu: "Mlango nimeutengeneza mimi mwenyewe. Najua unavyofunguka." Akamwekea mkono kichwani, akambariki, akamwita mume wake aje aone huo mlango. Yule kijana alikuja, masikini, akauangalia kama fundi aliyeitwa kukadiria bei.

Sasa wekeni maneno hayo pembeni ya "sitawatia haya", mniambie lipi ni la mtoto aliyelelewa vizuri.

Najua hilo la haya linatoka wapi, na mnalijua pia, ila kwenye harusi hatulisemi. Linatoka kwenye ng'ombe. Hapa mjini ng'ombe wengi ni wa mdomoni, wanahesabiwa kwa jina la ng'ombe na kulipwa kwa dola, lakini wanatembea kama ng'ombe wa kweli. Mahari ikiingia haikai. Fungu moja linakwenda kwa upande wa wajomba. Fungu lingine linalipa deni la hospitali. Lililobaki kaka anaondoka nalo kwenda kuposa kwake, na huko nako linagawanywa upya. Kwa desturi, ndoa ikivunjika upande wa bwana unaweza kudai vyake. Mwanamke anagonga mlango usiku, jicho limevimba, na kabla hajamaliza kusimulia kila mtu aliye ndani amekwisha kupiga hesabu yake kichwani. Mjomba anahesabu fungu lake. Kaka anamtazama mke wake aliyemwoa kwa ng'ombe hao hao. Halafu wote kwa sauti moja, na kwa upole mwingi: vumilia, mwanangu, ndoa ndivyo ilivyo. Asubuhi shangazi anamrudisha na kuku mkononi wa kuomba radhi. Nimewaona mashangazi wa hivyo.

Na anayerudishwa hawezi kulalamika sana, kwa sababu ahadi aliitoa mwenyewe, kwa mikro, na video ipo.

Ndiyo maana nasema maandishi yale ya maua ni mabaya kuliko ubaya wa lugha yake. Yanamfanya msichana afunge mlango kwa mkono wake mwenyewe, siku ambayo anapendwa kuliko siku zote, mbele ya watu wanaompigia vigelegele. Sheria imesogea kuliko sisi, na mnajua sheria ya nchi hii inavyotembea polepole. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya tendo la kisheria linalomfunga yeye binafsi. Ile ya tarehe 15 Julai 2016 ikaibadilisha: sasa mume na mke wanapaswa kupatana. Mume bado ameandikwa kuwa mkuu wa nyumba, kwa hiyo tusimchinjie mbuzi mbunge yeyote. Lakini hata kitabu hicho hakimwombi mke aahidi kaburi.

Wataniambia wachungaji kwamba ndoa ni ya maisha. Ni ya maisha, sikatai, na mimi mwenyewe nimo ndani bado. Binti anayejua anaweza kulala kwao usiku mmoja akipigwa hakuvunja ndoa. Mara nyingi ndiye aliyeiponya, kwa sababu mume anayejua kuna mtu atakayefungua mlango anafikiri mara mbili kabla ya kuinua mkono. Yule wa Kadutu yuko kwake na watoto wake. Sisemi ni kwa sababu ya maneno yale. Labda kijana ni mwema tu, wapo. Ila aliuona mlango.

Kuhusu machozi sina la kusema: anayelia alie, asiyelia mashangazi waache kunong'ona kwamba "alikuwa amezoea". Kuhusu sale, nitalegeza kamba kidogo. Familia imetawanyika, mmoja Goma, mwingine Kampala, wanafika mchana wa siku yenyewe kwa meli au kwa basi, na nyumba ya kupanga haitoshi watu wote hao. Basi isemwe kwenye sale, lakini kwa mpangilio wa nyumbani: wazazi wameketi mbele, wakwe wameketi karibu kiasi cha kusikia, muziki umezimwa kabisa na siyo kupunguzwa, na baba anapewa mikro baada ya binti. Kama aliyelea ni mjomba, mikro iende kwa mjomba hata kama baba amenunua suti mpya. Keki itasubiri. Haijawahi kukimbia.

Na nyinyi mnaoongoza sherehe, mnaolipwa kwa saa na mnaogopa jenereta kuishiwa mafuta: kateni hotuba ya mwakilishi wa kampuni ya bwana. Kateni ile ya rafiki wa utotoni anayesimulia mambo ya shule ambayo wawili tu wanayaelewa. Mkitafuta vizuri mtapata dakika za baba.

Jirani yangu hapa Nguba anaoza binti yake wa pili, na jana mama mtu alikuja kuniomba nimsaidie msichana kuandika maneno ya kuaga. Nimekubali. Nimemwambia siku ya kuandika waje na baba, kwa sababu tutaanza na jibu lake.