Mboji nyeusi, imepoa, haina harufu: bado ipimwe?

"Mboji yangu nyeusi tii, lundo limepoa, inanukia udongo. Ya nini tena nipime, si nimuuzie tu mkulima?"

Anayeuliza hivi huwa anaonekana mjanja mjanja, lakini tuwe wakweli, ana hoja. Maabara ni pesa, na karatasi ya maabara inazungumzia kikombe kimoja kilichochotwa kwenye lundo zima, tena majibu yakitoka mzigo ule pengine ulishauzwa na sasa hivi unafungasha mwingine kabisa. Mteja naye anaangalia rangi na bei, hakuna anayeongeza hata senti kwa sababu umemwambia umepima. Halafu mboji ikikaa wiki 5 zaidi imekalia nafasi na imekalia mtaji. Kwa hiyo mtu akisema vipimo ni mzigo mwingine anaotupiwa mzalishaji mdogo, mimi sibishani naye hapo.

Ninapobisha ni pale anapodhani kupima maana yake ni maabara tu, na anapodhani macho, pua na mkono vimeshapima. Lundo linapoa kwa sababu nyingi. Linapoa likiisha chakula cha vijidudu, sawa, huko ndiko kuiva, lakini linapoa pia likikauka, na linapoa likishindiliwa hadi hewa haipiti. Lundo lililokauka kabla ya wakati limelala tu, ukilimwagia maji joto linarudi. Sasa mkulima akinunua hiyo, akaiweka shimoni na mche juu yake, akamwagilia, ameliamsha yeye mwenyewe kwenye mizizi. Vijidudu vinakula hewa ya mizizi, asidi na amonia zinatoka, na kama mboji ilikuwa na maranda mengi vinanyonya hadi naitrojeni ya udongo, majani yanageuka njano na mkulima anaongeza mbolea bila kujua mwizi yuko wapi.

Kipimo cha hili ni chupa ya chai ya kawaida, ile ya kutunza joto, ya lita moja na nusu au mbili yenye mdomo mpana. Unachukua mboji, unailowesha mpaka ukiiminya inashikamana na kutoa tone moja mawili basi, unaijaza bila kushindilia, unachomeka kipimajoto ndani, unaweka kivulini na kufuatilia siku 5 hadi 10. Unachotafuta ni joto la ndani limepanda kiasi gani juu ya joto la chumba. Likipanda chini ya nyuzi 10 imetulia, 10 hadi 20 inakaribia, likipita 20 bado inachemka, na likivuka 40 hiyo haina tofauti na takataka mbichi hata kama rangi ni nyeusi. Kipimo hiki watu wa mboji wanakitumia miaka mingi na gharama yake ni chupa na uvumilivu.

Sasa tuje kwenye chumvi, na hapa ndipo naona pande zote mbili zinaongea bila kusikilizana. Wanaotetea kupima wanasema subiri, iache ikomae. Lakini kusubiri hakuondoi chumvi! Lundo linavyoiva kaboni inaondoka kama gesi, uzito mkavu unaweza kushuka hata nusu, ila potasiamu, sodiamu na kloridi haziondoki na gesi, zinabaki palepale ndani ya kitu kidogo zaidi. Kwa hiyo kama lundo limefunikwa mvua isilisuuze, mboji iliyokomaa sana inaweza kuwa na chumvi kuliko ilivyokuwa mbichi. Muda unatibu ubichi na huo huo muda unakoleza chumvi, na kwa vile miche inakufa kwa namna inayofanana, muuzaji hajui anapambana na lipi.

Tuchukue mfano. Lundo la samadi ya kuku na maranda, wiki 8, jeusi, limepoa. Chupa ya chai inaonyesha limepanda nyuzi 24. Unachanganya sehemu moja ya mboji na sehemu 5 za maji safi kwa uzito, unatikisa, unaacha nusu saa, unachuja kwa kitambaa, na mita ya EC, ile inayopima chumvi iliyoyeyuka kwenye maji, inasoma 4.2 mS/cm. Hapo wengi wanaloweka mbegu kwenye hayo maji ya mboji, wanaona zimegoma, wanasema haijaiva. Pengine. Lakini ukitaka kujua, weka sahani 3 badala ya 2. Ya kwanza maji matupu. Ya pili maji yenye chumvi ya kawaida ya kupikia, unaongeza punje kidogo kidogo mpaka mita nayo isome 4.2. Ya tatu maji ya mboji. Kila sahani kitambaa cha karatasi na mbegu 20 za figili, gizani, na baada ya siku kama 4 unahesabu zilizoota na kupima mizizi kwa rula.

Tuseme maji matupu zimeota 19, mizizi wastani milimita 40. Maji ya chumvi 16, milimita 30. Maji ya mboji 7, milimita 9. Unazidisha uwiano wa kuota na uwiano wa mzizi: chumvi inakupa 16/19 mara 30/40, yaani asilimia 63 hivi, mboji inakupa 7/19 mara 9/40, asilimia 8. Kwa kawaida 80 kwenda juu ndiyo inahesabika salama. Kwa hiyo chumvi peke yake imekushusha kutoka 100 hadi 63, na kutoka 63 hadi 8 ni kitu kingine, na chupa ya chai imeshakuambia ni nini. Hiyo sahani ya katikati ndiyo watu wanairuka na ndiyo yenye jibu.

Basi unalilowesha lundo, unaligeuza, unaliacha wiki 5. Chupa sasa inapanda nyuzi 6 tu, safi. Mita lakini inasoma 4.9, na sahani ya mboji imeota 15 na mizizi 27, asilimia 53. Haijafika 80 na haitafika ukiendelea kusubiri, maana ubichi umekwisha, kilichobaki ni chumvi. Unaweza kuisuuza kwa maji, itashuka, ila naitrati na potasiamu nazo zinaondoka na hayo maji, unabaki unauza kitu kilichopungua nguvu.

Na hapa muuzaji ana hoja yake nzuri kuliko zote, ambayo wapimaji hawaipendi. Mita ya EC haijui kutofautisha sodiamu na chakula cha mmea, inasoma vyote pamoja, kwa hiyo mboji tajiri ya samadi lazima isome juu. Pia mkulima wa shambani haoteshi mbegu ndani ya mboji tupu. Akiweka tani 10 kwa hekta, na udongo wa juu wa sentimita 15 una uzito wa kama tani 2,000, hiyo mboji ni nusu ya asilimia moja ya udongo. Kwenye shamba la shayiri linalopata mvua, chumvi ya 4.9 hata haionekani. Ukimkatalia huyu muuzaji kuuza kwa sababu ya hiyo namba umemwonea. Ila mboji hiyo hiyo ikijazwa nusu kwa nusu kwenye trei za kitalu, au ikawekwa konzi mbili kwenye shimo la maharage, habari nyingine kabisa. Maharage yanaanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikivuka 1 dS/m tu wakati shayiri inavumilia hadi 8. (Vipimo hivyo vya udongo havichukuliwi kwa moja kwa tano kama chetu, kwa hiyo usilinganishe namba kwa namba, linganisha mmea na mmea.) Kwa maoni yangu basi namba ya EC haisemi uza au usiuze, inasema umuuzie nani na uandike nini kwenye gunia: ya shambani, isitumike kitaluni.

Kinachonitisha mimi zaidi ni dawa za magugu, zile za jamii ya klopiralidi na aminopiralidi. Zinapulizwa malishoni, ng'ombe au farasi anakula nyasi, zinapita tumboni kwake bila kuvunjika, zinatoka kwenye samadi, zinapita kwenye joto la lundo, na bado zinafika kwa mkulima zikiwa na nguvu. Uingereza mwaka 2008 uuzaji wa dawa zenye aminopiralidi ulisimamishwa kwa muda baada ya wenye bustani kuona nyanya, maharage na viazi vyao vimejikunja kwa sababu ya samadi. Nyasi na nafaka haziumii, ndiyo maana mwenye malisho hashuku kitu, lakini jamii ya maharage inaumia kwa sehemu chache tu kwenye bilioni, kiwango ambacho maabara nyingi zinashindwa kukiona au zinakutoza sana kukitafuta. Maharage yenyewe yanakiona bila malipo. Makopo 3 ya udongo unaouamini, makopo 3 ya udongo huo nusu na mboji nusu, mbegu chache kila kopo, visahani tofauti chini yake maji yasihamie, wiki 3. Majani mapya yakijikunja kama kikombe au shina likajisokota kwenye mboji na sio kwenye udongo mtupu, usiuze. Yakiwa yameungua ncha tu au yamedumaa bila kujikunja, rudi kwenye chumvi na ubichi.

Metali nzito kama risasi na kadimiamu ni sehemu ambayo maabara haina mbadala, mche unaweza kunawiri ndani yake. Lakini metali zinaingia na malighafi, kwa hiyo hapo ninakubaliana na wasiotaka kupima kila mzigo: pima unapoanza, pima unapobadilisha chanzo, hasa ukianza kupokea taka za mjini au samadi ya mifugo inayolishwa vyakula vya dukani vyenye shaba na zinki.

Sampuli yenyewe usichote juu ya lundo, juu pamekauka na pamesuuzwa. Chimba sehemu 10 hadi 15, kina tofauti, changanya kwenye turubai, gawa mara 4, tupa robo mbili zinazotazamana, rudia mpaka ibaki ndoo. Na kwenye hiyo ndoo toa kilo moja, ikaushe kivulini, iandike tarehe na namba ya mzigo, iweke mahali pakavu. Mkulima akirudi miezi miwili baadaye na maharage yaliyojikunja, mnaotesha mbegu kwenye hiyo kilo pamoja na kwenye udongo wake, wote wawili mkiangalia.