Tusichague picha ya familia kwa kuhesabu macho

Wapigapicha wengi wa harusi huchagua picha ya familia kwa kuhesabu macho: fremu ambayo hakuna aliyefumba ndiyo inayochapishwa. Mimi njia hiyo nimeiacha.

Juzi nilipiga ndugu 12 wamejipanga barazani, kivulini. Watafiti wa Australia, Nic Svenson na Piers Barnes, walipiga hesabu ya kupepesa macho wakapata kanuni nyepesi: kwa kundi lisilofika watu 20, penye mwanga mzuri, gawanya idadi yao kwa 3, utajua upige picha ngapi ili upate angalau moja isiyo na aliyefumba. Kwangu ilitoka 4. Nikapiga 7, maana palikuwa na watoto.

Kanuni haikuniangusha. Fremu ya 2 macho yote 24 yalikuwa wazi. Lakini bibi amekaza uso kama anasubiri sindano, na bwana harusi mabega yamempanda. Kwenye fremu ya 5 bibi anacheka kwa mwili mzima, mkono wake uko juu ya goti la mjukuu. Mjukuu hatazami kamera, anamtazama bibi. Huyo sikumhesabia kosa, kwa sababu anachokitazama kimo ndani ya picha. Angekuwa anatazama gari lililopita barabarani, ningesema mengine. Tatizo lilibaki kwa shangazi, ambaye kope zilikuwa zimeshuka nusu. Nusu ni mbaya kuliko kufumba kabisa: aliyefumba huku anacheka anaonekana ana furaha, wa nusu anaonekana kalewa.

Nikachagua ya 5. Macho ya shangazi yangeweza kuazimwa kwenye fremu ya jirani, lakini kicheko cha bibi na ule mkono havipandikiziki.

Kabla ya kuazima, bonyeza mshale wa kibodi uende fremu moja na kurudi, huku ukitazama nguzo iliyo nyuma ya watu. Nguzo ikitulia, kamera haikusogea, kazi ni nyepesi. Ikiruka, watu wa mstari wa nyuma nao wamehama, na utahangaika. Ya 6 ilitulia. Shangazi hakuwa amegeuza kichwa, kwa hiyo nilichukua macho na nyusi tu, nikaviweka kwenye leya ya juu na kulainisha kingo kwa maski. Angekuwa amegeuka hata kidogo, ningechukua kichwa kizima na kukatia kwenye ukingo wa mtandio, ambako mkato hauonekani. Mwenye miwani nachukua miwani yote, la sivyo mng'ao wa kioo kimoja unapingana na wa kingine. Mwisho nikakuza picha nikague nukta za mwanga kwenye mboni: zikae upande uleule kama za jirani zake.

Shangazi alipoletewa picha aliitazama kwa muda mrefu, nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Kumbe alikuwa anauliza kwa nini hakuna aliyemwambia kuwa mtandio umekaa upande.