Nyiradi za asubuhi na jioni: tushike herufi au maana?

"Nikisoma nyiradi za asubuhi na jioni kwa Kiswahili zinahesabika au lazima Kiarabu neno kwa neno? Maana Kiarabu nasomea kwenye simu tu, sijui hata nasema nini. Na nikiruka siku moja je?"

Wanaoshika herufi wana hoja nzito, na kubwa kuliko zote ni ile ya Al-Baraa bin Azib. Mtume alimfundisha dua ya kulala, ndani yake mna "wa nabiyyika lladhi arsalta", Al-Baraa akairudia kuihakikisha akasema "wa rasulika", akarekebishwa papo hapo, hapana, sema wa nabiyyika. Sasa nabii na rasuli si mbali hivyo, na bado neno halikuachwa lipite. Ndo hapo Ibn Hajar akasema matamko ya adhkari hayapimwi kwa akili, yanachukuliwa kama yalivyokuja.

Ila wapo pia walioeleza kisa hichohicho kivingine, kwamba neno rasuli linaweza kumwingiza hata Jibrili maana naye ni mjumbe, nabii haliwezi. Ukiichukua hivyo basi kilicholindwa pale ni maana, herufi imelindwa kwa sababu ndo iliyobeba maana. Halafu nyiradi zenyewe zina riwaya zinazopishana, ile "Allahumma bika asbahna" utakuta huku inaishia "wa ilaykan-nushuur" (kwako ndo kufufuliwa), kwingine "wa ilaykal-maswiir" (kwako ndo marejeo), kwa hiyo usigombane na mtu msikitini kisa kamalizia tofauti na kijitabu chako.

Hoja ya upande wa maana inayonigusa mimi zaidi ipo kwenye Sayyidul Istighfar, ile "Allahumma anta Rabbi la ilaha illa anta", hadithi ya Shaddad bin Aws kwa Bukhari. Ahadi yake ni kwamba atakayeisema mchana akafa kabla ya jioni ni mtu wa peponi, na usiku vilevile, lakini kuna sharti watu wanalipita mbio: aiseme akiwa na yakini nayo. Mle ndani unasema "wa ana ala ahdika wa waadika mastatwaatu", yaani nipo kwenye ahadi yako kadiri ninavyoweza, afu unakiri neema zake kwako na unakiri dhambi zako. Sasa yakini ya kitu usichojua unakisema inatoka wapi bana?

Na herufi nazo ukizisomea kwenye maandishi ya Kiswahili ya simu zinakuponyoka bila kujua. Chukua hii ya jioni, "Audhu bikalimatillahi ttaammaati min sharri ma khalaq", najikinga na shari ya alivyoviumba. Sisi wengi khe tunaitoa kama he ya kawaida, ukilegeza namna hiyo na herufi ikaangukia kwenye ha ya kooni umeshasema "ma halaq", na halaqa kwa Kiarabu ni kunyoa! Hapo Kiarabu umesoma lakini maana imeenda kinyozi. Mi mwenyewe niliisema hivyo miaka, mpaka mzee mmoja aliyekaa pembeni yangu baada ya Magharibi akanigusa goti akaniambia, mwanangu, khe ikwaruze.

Kwa hiyo msimamo wangu: kumwomba Allah kwa Kiswahili inafaa na ni dua kamili, lakini fadhila iliyotajwa kwa tamko maalumu usijihesabie kwa tafsiri ukiwa unaweza kujifunza lenyewe. Anza na tatu tu fupi, maana yake uijue, zilizobaki omba kwa lugha yako mpaka uzifikie. Mwenye nyiradi tatu kwa yakini namwona mbele ya anayeteremsha kurasa kumi huku anajibu mesej.

La kuruka siku, angalia maneno yenyewe yamefungwa na muda. "Bismillahi lladhi la yadhurru maasmihi shay'un" mara 3 asubuhi na mara 3 jioni, kinga yake ni ya siku hiyo na usiku huo, ya jana haivuki. Aliyeipokea toka kwa baba yake Uthman ni Aban, naye alikuwa amepooza upande, basi aliyekuwa anamsikiliza akawa anamkodolea macho, kama vile anauliza mbona wewe. Aban akamwambia wallahi sikumsingizia Uthman, wala yeye hakumsingizia Mtume, ila siku iliyonipata nilikuwa na hasira nikasahau kuisema.

Ukipitiwa, Nawawi anasema mwenye uradi wake wa wakati maalumu ukimpita aulipe akikumbuka, asiuache. Za asubuhi ni baada ya Alfajiri mpaka jua lichomoze, za jioni baada ya Alasiri mpaka lizame, ukiamka saa mbili na jua limeshatoka soma tu.