Wiki tatu za mukau

"Daktari, habari za kazi. Naomba kwa heshima niongezewe wiki tatu kuwasilisha mradi wa miti. Nilipanda mbegu 60 za mukau tarehe 16 Juni, na hadi leo tarehe 7 Julai zimeota 7 pekee. Baridi ya Nairobi ndiyo imezikwamisha. Nimefanya kila kitu tulichoagizwa. Siku ya mwisho ni tarehe 11, na nikileta miche 7 itaonekana sikufanya kazi. Nitashukuru sana ukinielewa."

Barua hii nilionyeshwa na mhadhiri aliyeandikiwa, jina likiwa limefunikwa kwa kidole gumba. Tulikuwa tumesoma pamoja zamani, na mimi nimekaa kwenye vitalu miaka mingi kuliko darasani, kwa hivyo alitaka nimwambie kama kijana anasema kweli. Sharti la mradi lilikuwa hivi: kila mwanafunzi achague mti mmoja ambao mbegu yake ni ngumu kuota, aioteshe, na mwisho alete miche isiyopungua 30 ikiwa kwenye viriba, kila mche ukiwa na majani mawili ya kweli. Wenzake wengi walichagua migunga, ambayo mbegu yake ukiimwagia maji moto na kuiacha humo usiku kucha umeshamaliza kazi kubwa. Yeye akachagua mukau. Hapo nikamheshimu kidogo kabla hata sijaendelea kusoma.

Mukau ni mti wa ukame, wa Kitui, Makueni, Kibwezi na Mbeere. Mbao zake hazipendwi na mchwa, na majani yake hulisha mbuzi wakati hakuna kitu kingine cha kijani. Shida yake iko kwenye kokwa. Ni gumu kama jiwe, na mbegu zilizo ndani zina ngozi nyembamba ambayo nayo huzuia maji na hewa kukifikia kiini. Ukipanda kokwa zima unaweza kungoja mwaka na usione kitu. Wakulima wa zamani waliokota kokwa kwenye maboma ya mbuzi, au waliziunguza kwa nyasi kwanza, na hata hivyo zilizoota zilikuwa chache. Njia inayofundishwa leo, ambayo KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, pale Muguga na kwenye vituo vyake vya Ukambani imeieneza kwa wenye vitalu, ni kazi ya mkono. Unapasua kokwa bila kuiponda mbegu. Unakata ncha ya mbegu kidogo sana, unailoweka usiku mmoja, kisha kwa wembe unachana ngozi yake kwa urefu bila kugusa kiini. Halafu unaipanda kwenye mchanga safi uliofunikwa kwa nailoni ili joto libaki ndani.

Sasa turudi kwenye baridi. Je, ni kisingizio? Hapana, na hapa mhadhiri alikuwa anakosea. Alisema kila mwaka wanafunzi huilaumu hali ya hewa. Lakini Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na mwezi wa Julai usiku joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12, huku mchana jua likijificha nyuma ya mawingu hadi saa nane. Mbegu ya mukau imezoea mchanga unaochoma unyayo. Hapa hata nailoni haisaidii sana, kwa sababu nailoni haitengenezi joto, huhifadhi lile lililoletwa na jua. Jua lisipokuja, unachofunika ni ubaridi wenye unyevu. Na tarehe hizo hakuzichagua mwanafunzi. Muhula ndio uliozipanga.

Tena kuna jambo ambalo kijana angeweza kulitumia kujitetea na hakulitumia. Miche ya mukau hukaa kitaluni miezi mitatu au minne kabla ya kwenda shambani, na shambani inangojwa na mvua za Novemba. Mwenye kitalu wa Kitui anayepanda mbegu mwezi wa Julai hajachelewa hata kidogo. Kwa kalenda ya mti, huyu kijana yuko sawa. Amechelewa kwa kalenda ya ofisi ya mitihani tu.

Upande wa mhadhiri nao una uzito, na si ule alioutaja kwanza. Alitaja usawa: wenzake 30 na kitu wamemaliza, kwa nini mmoja aongezewe? Hilo halinishawishi, maana wenzake walichagua njia ya maji moto na yeye akachagua ya wembe. Kinachonishawishi ni sentensi moja ya barua yenyewe: "Nimefanya kila kitu tulichoagizwa." Mtu aliyechana mbegu 60 za mukau kwa wembe hawezi kuandika hivyo tu na kunyamaza. Atakwambia vidole vilimuuma, atakwambia ngapi aliziharibu, kwa sababu lazima aharibu. Barua haisemi kokwa zilitoka wapi, wala zilipasuliwa vipi, wala kama ncha ilikatwa. Haisemi pia zile 7 ziliota lini, na hilo ndilo swali lenye jibu la barua nzima.

Fikiria hivi. Mbegu ya mukau iliyochanwa vizuri na kupata joto huanza kuchungulia ndani ya wiki ya kwanza, na kufikia wiki ya pili nyingi kati ya zile zitakazoota zimeshaota. Baridi huchelewesha, kwa hivyo ikiwa tatizo ni baridi peke yake utaona mbegu zikitoka mojamoja, leo moja, keshokutwa nyingine, bila kukoma. Lakini ikiwa zote 7 ziliota siku za mwanzo na tangu hapo kimya, basi zilizobaki aidha zimeoza au hazikuchanwa, na hakuna idadi ya wiki itakayozibadilisha. Muda ni dawa ya mbegu iliyochelewa tu. Mbegu iliyooza haihitaji muda, na ile iliyofungwa na ngozi yake inahitaji wembe.

Nilimwambia mhadhiri asijibu ndiyo wala la. Amuulize tarehe za zile 7, kisha amwagize afukue mbegu 10 kati ya 53 zilizobaki, azikate kati kwa wembe na kuzitazama. Kiini kilicho hai ni cheupe na kigumu kama karanga mbichi. Kilichokufa ni cha kahawia, kinabonyea, na mara nyingi unakinusa kabla hujakiona. (Kuna wanafunzi wanaoona vibaya kuharibu mbegu 10 namna hii. Lakini ukikataa kuzikata unabaki ukikisia 53.)

Majibu yalikuja siku iliyofuata, na sifa kwa kijana, hakuficha kitu. Mbegu 5 ziliota kati ya siku ya sita na ya kumi, na 2 zikafuata siku ya kumi na saba. Kati ya zile 10 alizokata, 6 zilikuwa zimeoza na zina nyuzi nyeupe za ukungu. 4 zilikuwa nzima kabisa, lakini 3 kati ya hizo ngozi ilikuwa imekwaruzwa tu, haikuchanika. Alieleza mwenyewe kwamba aliogopa kugusa kiini. Na alipoulizwa kuhusu maji, alisema alimwagilia kila asubuhi, kama walivyofanya wenzake wa migunga waliokuwa meza moja naye.

Kwa hivyo picha ina sehemu tatu. Kuna baridi, ile iliyozichelewesha mbili za siku ya kumi na saba. Kuna maji ya kila siku kwenye mchanga usiokauka, ndani ya nailoni, bila jua: hapo ukungu ulikuwa umealikwa, hasa kwa mbegu ambazo ngozi yake ina jeraha. Mbegu iliyochanwa ni kama kidonda kilicho wazi, na ndiyo maana wenye vitalu huzitia dawa ya ukungu na kuosha wembe kila mara. Na kuna mkono ulioogopa. Baridi si kosa lake. Mkono ulioogopa nausamehe, kila mtu huogopa mara ya kwanza. Maji yalikuwa ni kutochunguza, kwa sababu mchanga uliolowa unaonekana kwa macho na matone yalikuwa yamejaa ndani ya nailoni.

Halafu piga hesabu. Amebakiwa na mbegu 43. Kama 4 kati ya 10 zinawakilisha hali halisi (na 10 ni sampuli ndogo, inaweza kudanganya), kuna mbegu hai 17 hivi. Hata zote zikiota, na hazitaota zote, ukijumlisha na zile 7 unapata 24. Lengo ni 30. Wiki tatu zote anazoomba haziwezi kumfikisha, na tatizo si idadi tu: mbegu ikichanwa upya leo itataka wiki moja au zaidi kuota kwenye baridi hii, kisha ihamishiwe kiribani, kisha ingoje majani ya kweli, ambayo kwa Julai sitegemei kuyaona chini ya wiki mbili. Ombi lake ni refu mno kwa mbegu zilizokufa na fupi mno kwa zilizo hai.

Ndiyo maana sikukubaliana na mhadhiri aliyetaka kukataa, wala sikukubaliana na barua. Kukataa kungempa alama ya miche 7, chini ya mwenzake aliyemwaga maji moto kwenye mbegu za mgunga akaenda kulala. Kukubali kungemfanya aketi wiki tatu akimwagilia mbegu zilizooza, na mwishoni angekuja na miche 10 na barua ya pili. Nilipendekeza aongezewe siku 10, na kitakachowasilishwa kibadilike: ile miche 7, zile mbegu hai zikiwa zimechanwa upya na kuhamishiwa mchanga mpya ulio mkavu kiasi, na maelezo yenye tarehe ya kila mbegu iliyoota na ya kila iliyokatwa. Idadi ya 30 ifutwe kwa huyu, na kwa mwingine yeyote aliyechagua mti wa wembe.

Mhadhiri alikubali siku 10 lakini si kufuta 30. Alisema sharti likishatangazwa darasani halibadilishwi katikati ya muhula, na kwamba atapunguza tu uzito wake katika alama. Naona amekosea, ingawa naelewa kwamba yeye ndiye atakayesimama mbele ya kikao cha mitihani, si mimi. Kijana ameambiwa aache kumwagilia kila asubuhi, aguse mchanga kwanza kwa kidole, na trei aitoe kwenye meza ya kivulini aisogeze ukutani kunakopata jua la alasiri. Siku ya nne tangu achane upya, mbegu moja ilikuwa imeanza kupasuka.