Tuktuk ikichukuliwa, deni hubaki

Hapa Malindi kuna imani inayowaumiza vijana wa tuktuk: kwamba mkopo ukikushinda unawaachia chombo chao, mnaachana. Nimeisikia stejini na nimeisikia kwa watu waliosoma. Si kweli, na ninaandika kwa sababu wanaoiamini hukaa kimya miezi miwili mitatu, na ni katika miezi hiyo pesa zao huteketea.

Mkopo wa aina hii dhamana yake ni chombo chenyewe. Unatoa amana, mkopeshaji anammalizia muuzaji, na logibuku inasajiliwa NTSA kwa majina mawili, lako na lake. Haki yake juu ya chombo pia huandikishwa katika sajili ya serikali iliyoanzishwa na Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Zinazohamishika ya 2017. Kwa hiyo chombo ni chako kukifanyia kazi, ila huwezi kukiuza bila ridhaa ya aliyekukopesha. Na ahadi uliyotia sahihi ni ya kulipa pesa. Chombo kipo kuhakikisha anazipata, na kisipotosha, ahadi ya pesa bado iko palepale.

Nitaeleza kisa cha jirani yangu wa Maweni. Tarakimu nimezilainisha kidogo ili hesabu ifuatike.

Alinunua tuktuk ya shilingi 450,000. Alitoa amana ya 90,000, akakopeshwa 360,000 kwa miezi 24. Riba ilikuwa asilimia 1.5 kwa mwezi, ikihesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hata baada ya deni kupungua. Kila mwezi basi riba ni 5,400 na mtaji 15,000, jumla 20,400. Alianza kulipa Septemba. Desemba hadi Machi wageni walikuwepo, safari za Watamu na Gede hazikukosekana, na hakuchelewa hata mara moja. Akafika Aprili amelipa marejesho manane, yaani 163,200. Halafu mvua ya masika ikashika, hoteli zikafunga, Mei ikapita bila rejesho, na Juni nayo ikapita.

Akaletewa ilani ya maandishi. Hakujibu. Simu ya afisa wa mikopo ikawa haipokelewi. Asubuhi moja walikuja vijana wa dalali na gari la kuvuta, na alipopandisha sauti mmoja akamwambia, "Kaka, sisi tumetumwa tu, ongea na ofisi." Tuktuk ikaondoka mbele ya watoto. Ilikaa uani kwa dalali, ikatangazwa gazetini, ikapigwa mnada.

Sasa tazameni hesabu yake siku ya mnada. Mtaji uliobaki ulikuwa 240,000, na riba ya miezi miwili 10,800. Jumla 250,800. Tuktuk ilinunuliwa kwa 190,000, kwa sababu mnunuzi wa mnada hapewi nafasi ya kuiendesha kwanza wala hana wa kumrudia ikiharibika, na bei yake huwa na hofu hiyo ndani. Kabla pesa hazijagusa deni, zililipa gari la kuvuta, maegesho, tangazo na ada ya dalali: 35,000. Zikabaki 155,000. Ukitoa hizo kwenye 250,800, bado anadaiwa 95,800. Amana na marejesho aliyotoa mfukoni ni 253,200, chombo hana, na anadaiwa karibu laki moja. Hapo sijaweka faini ya kuchelewa, na jina lake limeshapelekwa kwa shirika la kumbukumbu za mikopo.

Hakuibiwa. Kila hatua ilikuwa ndani ya mkataba. Kinachonichoma ni kwamba mwezi Mei tuktuk ile ile, ikiwa safi na inatembea, kulikuwa na mtu Mtangani aliyekuwa tayari kuinunua kwa 270,000. Angekwenda kwa mkopeshaji na mnunuzi wake, akaomba barua ya salio la kumaliza deni na ridhaa ya kuuza. Mnunuzi angelipa salio moja kwa moja kwa mkopeshaji, mkopeshaji angetoa jina lake kwenye logibuku, na kinachobaki kingekuwa cha jirani yangu. Hata kwa deni la mwisho wa Juni, la 250,800, angeondoka na 19,200 mkononi na jina safi. Tofauti ya njia hizi mbili ni zaidi ya laki moja na elfu kumi, na iliamuliwa na nani aliyeuza.

Wengine hujifariji kwa theluthi mbili ya bei: kwamba ukishalipa kiasi hicho hawawezi kukuchukulia bila kwenda mahakamani. Kinga hiyo ipo, lakini iko katika Sheria ya Ununuzi wa Kukodi, ambapo muuzaji anabaki mwenye mali na wewe unakodi mpaka umalize. Mkopo wa kununulia chombo chako mwenyewe si mkataba huo. Tazama kichwa cha karatasi uliyotia sahihi kabla ya kuitegemea theluthi yoyote.

Haki ulizonazo hata chombo kikishachukuliwa ni za kushikiliwa kwa nguvu. Dalali lazima awe na leseni ya bodi yao na barua ya maagizo. Viombe vyote viwili, na hali ya chombo iandikwe wakati kinaondoka, tairi, betri, kila kitu. Mpaka kabla hakijauzwa unaweza kukikomboa kwa kulipa deni na gharama za kukichukua. Kikishauzwa, dai taarifa ya maandishi: kiliuzwa bei gani, kila gharama ilikuwa ngapi, salio ni ngapi. Pesa zikizidi deni, kilichozidi lazima kirudi kwako. Na kama aliyekukopesha ni benki, riba ya mkopo uliokwama haiwezi kuvuka mtaji uliokuwa ukidaiwa siku ulipokwama. Hilo limo katika kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki. Jirani yangu hakuomba karatasi hata moja. Aliambiwa salio kwa simu.

Lawama yangu kwa wakopeshaji ni moja, nayo ni nzito. Wana ofisi hapa hapa, wanaona hoteli zikifunga Aprili kama tunavyoona sisi, kisha wanamwandikia dereva rejesho la 20,400 la Mei sawa na la Januari. Kupanga vingine si kazi ngumu. Kwa mkopo huu, Aprili hadi Juni dereva angelipa riba tu, 5,400 kwa mwezi. Mtaji wa miezi hiyo mitatu, 45,000, ungegawanywa Julai, Agosti na Desemba, kila mmoja ukilipiwa 35,400. Ni mzigo, lakini ni mzigo wa miezi yenye abiria.

Kama uko kwenye mkopo sasa na unaona mwezi ujao hautatimia, nenda ofisini kabla tarehe haijapita, na ombi la kupangiwa marejesho hivyo uwe umeliandika na kulitia sahihi. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakikataa, waombe siku hiyo hiyo barua ya salio, uanze kutafuta mnunuzi wakati tuktuk bado iko mikononi mwako.