Maandishi yaliyojificha ndani ya PDF: tuyaamini au tuyasome upya?

Wengi wanaochopoa majedwali kwenye PDF zilizoskaniwa hutumia kipimo kimoja: buruta kipanya juu ya neno. Likishikika, tabaka la maandishi lipo, faili linapelekwa kwenye programu za kuchopoa majedwali kama Tabula au Camelot. Lisiposhikika, unaanza na utambuzi wa herufi. Anayerudia utambuzi wakati maandishi tayari yapo huonekana mpoteza muda. Nadhani anaonewa.

Kipanya kinakuambia maandishi yapo, hakikuambii yametoka wapi. Mashine nyingi za kuskani hutandika herufi zisizoonekana juu ya picha. Jicho lako linasoma picha, lakini unachonakili ni kile mashine ilichokisia. Ndiyo maana nauliza ukurasa mmoja mmoja, tuseme wa 12 wenye jedwali:

```
pdftotext -f 12 -l 12 -layout ripoti.pdf -
pdffonts -f 12 -l 12 ripoti.pdf
pdfimages -list -f 12 -l 12 ripoti.pdf
```

Ukipima faili zima utadanganyika, kwa sababu jalada lililochapwa kwenye kompyuta, au namba ya ukurasa iliyoongezwa baadaye, inatosha kulipitisha. Kama amri ya kwanza haitoi kitu na ya pili haionyeshi fonti, huku ya tatu ikionyesha picha ya pikseli 2480 kwa 3508, hiyo ni A4 nzima kwa pikseli 300 kwa inchi: hakuna cha kuchopoa bila utambuzi. Picha hiyohiyo ikiandamana na fonti iitwayo `GlyphLessFont`, maandishi ni ya Tesseract, programu ya utambuzi wa herufi. Yapo, ila ni makisio.

Na kwenye jedwali makisio yana hatari ya pekee. Neno likikosewa kwenye aya, msomaji hulishtukia. Lakini 4,580 ikisomwa 4,530 bado ni namba safi, na hakuna programu itakayolalamika. Chukua safu ya 4,580, 1,230 na 3,915, yenye jumla ya 9,725 chini yake. Tabaka likikupa 4,530, ukijumlisha unapata 9,675. Pengo la 50 ndilo linalokurudisha kwenye picha. Safu isiyo na jumla haina hata mlinzi huyo, na majedwali ya namna hiyo ni mengi mno.

Upande wa pili nao una hoja. Ukurasa uliozaliwa kwenye kompyuta una namba kamili, na kuulazimishia utambuzi kwa `--force-ocr` ya programu ya OCRmyPDF huugeuza picha kwanza: unatupa ukweli ili uukisie. Kwa faili la namna hiyo, wanaosema tusiguse wako sahihi kabisa.

Kwa lililoskaniwa, `--redo-ocr` hufuta tabaka la makisio na kuacha maandishi yanayoonekana. Lakini haikubali kwenda pamoja na `--deskew` inayonyoosha ukurasa, kwa hiyo ukurasa uliopinda unahitaji `--force-ocr --deskew`, halafu jumla za safu zikaguliwe upya.